Wakuu, eti `abs` ni "mapambo"! MAPAMBO!

Nimechemka. Yule mjuaji wetu, mnamjua, amepitia msimbo wangu wa kutafuta namba zinazojirudia, akafuta `abs` zote mbili na kuandika mbele ya timu nzima: "mapambo tu."

```python
for x in a:
    i = abs(x) - 1
    if a[i] < 0:
        rudio.append(abs(x))
    else:
        a[i] = -a[i]
```

Safu ina namba n, zote za 1 hadi n, na kila iliyomo imo mara moja au mbili. Ukikutana na 3, nenda nafasi ya tatu, geuza iliyomo iwe hasi. Ukirudi ukaikuta hasi, 3 ilishapita. Lakini unageuza hata namba ambazo hujazisoma! Ukizifikia lazima uondoe ile alama ndipo ujue ni namba gani.

Chukua `[3, 1, 3, 2, 2]`. Kwangu inatoka `[3, 2]`. Kwa bingwa wa dunia inatoka `[2, 2]`. 3 imeyeyuka! Anaifikia 3 ya pili ikiwa -3, indeksi inakuwa -4, Python inahesabu kutoka mwisho bila kulalamika na kugeuza ile 1 isiyo na kosa. Ikija 2 ya kwanza kabisa inakuta nafasi yake ni hasi, inaitwa rudio. Mapambo!

fundi_usiku: Pole mkuu. Kwenye Java ingegoma palepale kwa indeksi hasi, aumbuke mchana kweupe. Ila nawe, ukimaliza unazirudisha chanya? Aliyekupa safu anabaki na `[-3, -1, -3, 2, 2]`.

mwenye_uzi: Zinarudishwa na mzunguko wa pili. Huo hakuufuta, labda hakuuona. Mapambo, jamani!

seti_tu: Kelele zote hizi za nini? Tumia `set`, muda ni O(n) vilevile.

mwenye_uzi: Muda sawa, kumbukumbu je? Seti inakua na n. Sharti lilikuwa nafasi ya ziada isiyoongezeka.

tatu_bila: Mimi `abs` ninayo na bado inanitolea 5 mara mbili. Nilie kwa nani?

fundi_usiku: Hesabu 5 zako, nadhani zipo tatu. Kila inaporudi baada ya mara ya kwanza inaandikwa tena. Alama ya hasi inajua "imeonekana" tu, haijui mara ngapi.

tatu_bila: Zipo tatu kweli. Nani aliyeniambia data ni safi?!

mgeni_wa_safu: Kwa hiyo zinazokosekana ni 3 na 2?

fundi_usiku: Hapana, hizo zimejirudia. Zinazokosekana ni nafasi zilizobaki chanya mwishoni: ya 4 na ya 5.

kikokotoo: Afadhali nyie. Sisi tumeletewa safu yenye sifuri. 0 ukiigeuza inabaki 0, na indeksi yake ni -1, inamchafua wa mwisho. Na aliyeileta anasema tatizo ni letu!

tatu_bila: Huyo lazima ni ndugu wa aliyeniletea mimi.

seti_tu: `set` isingejali sifuri. Nasema tu.