"Mpangaji hasomi mita, mpangaji analipa" – uzi wa bili ya maji ya mita moja

Ndoo_Tupu:
Wakuu, nimekasirika mpaka mkono unatetemeka. Mwenye nyumba wetu simtaji jina, mnamjua. Kila nyumba ya kupanga Dar inaye mmoja: funguo za boksi la mita zinaning'inia kiunoni, kikokotoo hana, na tarehe ya kukusanya pesa hajawahi kuikosa tangu dunia iumbwe.

Vyumba 8, mita moja. Mwezi huu kasema kila chumba 15,000. Anayeishi peke yake 15,000, wenye familia 15,000. Nikaomba kuiona bili. Kuiona tu! Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema mbele ya wapangaji wote: "Mpangaji hasomi mita, mpangaji analipa." Watu wakacheka. Kwa pesa ile mtu angedhani uani tunafuga viboko.

Baadaye mtoto wake kaniletea picha ya bili kimyakimya. Usomaji wa mwezi uliopita 1,482, wa mwezi huu 1,524. Uniti 42. Bei ya uniti 1,700, hakuna tozo nyingine. Jumla 71,400. Yeye kakusanya 120,000. Hizo 48,600 zimeenda kumwagilia bustani gani? Nyumba haina hata mchicha!

Mpangaji hasomi mita. MPANGAJI HASOMI MITA! Niambieni namna ya kuhakiki fungu la kila mtu, nirudi nalo kwa maandishi.

Koki_Mbovu:
Yaani umechekwa na uwanja mzima ndio ukakimbilia huku? Pole sana. Ungemwomba bili kabla hujatoa hela, siyo baada.

Fundi_Bomba_Tmk:
Mwacheni, ana hoja. Ndoo_Tupu, anza na bili yenyewe kabla ya kugombana na mtu. Tazama vitu vitatu tu. Usomaji wa awali, usomaji wa sasa, na deni la nyuma. Hilo deni ndilo watu hulipita, na wizi mwingi umejificha hapo. Kama mwezi uliopita mlimpa pesa zote, halafu bili ya mwezi huu inakuja na deni la nyuma, basi pesa yenu haikufika. Asikubebesheni tena. Matumizi ya mwezi ni usomaji wa sasa kutoa wa awali, mara bei ya uniti. Deni ni mazungumzo mengine, na ni yeye na risiti zake.

Kisha nenda kwenye mita. Tarakimu nyeusi ndizo uniti, yaani lita 1,000 kila moja. Nyekundu ni sehemu ya uniti, hazihesabiwi kwenye bili. Nimeona mtu kasoma nyeusi na nyekundu kwa mkupuo mmoja, 1,524 ikawa milioni na nusu, nyumba nzima ikazimia. Piga picha ya mita siku ileile msomaji anapopita, namba ya mita ionekane, na mfananishe na namba iliyo kwenye bili. Mita ya jirani kuingia kwenye bili yenu si jambo la ajabu.

Ndoo_Tupu:
Namba ya mita inafanana. Boksi ndilo limefungwa kufuli. Kufuli la geti, kubwa kuliko mita yenyewe! Halafu ananiambia mpangaji hasomi mita.

Mama_Wa_Sita:
Mbona rahisi tu, gawanyeni kwa vyumba. Chumba ni chumba. 71,400 gawa kwa 8 ni 8,925. Kila mtu atoe hiyo, tulale.

Hesabu_Ya_Uani:
Dada, jina lako limekusaliti. Chumba hakiogi, watu ndio wanaoga. Ndoo_Tupu, nyumba nzima mko wangapi?

Ndoo_Tupu:
21, watoto ndani yake.

Hesabu_Ya_Uani:
Safi. 71,400 gawa kwa 21 ni 3,400 kwa kichwa. Anayeishi peke yake atoe 3,400, chumba cha watu sita kitoe 20,400. Na pima kama namba zenyewe zinaingia akilini: uniti 42 kwa watu 21 ni lita 2,000 kwa mtu kwa mwezi, karibu lita 67 kwa siku. Ni ndoo tatu za lita 20 na kidogo. Kwa nyumba yenye choo cha kumwagia maji na nguo za kufua, hiyo ni kawaida. Kwa hiyo mita yenu haijaonekana na kosa kubwa. Kosa liko kwenye 15,000.

Andikeni vichwa kwenye karatasi mwanzoni mwa mwezi, kila chumba kisaini. Mgeni aliyekaa wiki mbili mhesabu nusu. Mtoto anayenyonya wengine humwacha, ila nguo zake zinafuliwa kila siku, kwa hiyo mkubaliane kabla bili haijaja. Ikishakuja hakuna atakayekubali kitu.

Mama_Wa_Sita:
20,400?! Watoto wangu wanashinda shule, maji ya mchana wanakunywa huko! Na yule kijana wa peke yake anayeosha bodaboda kila jioni atoe 3,400? Hapo haki iko wapi?

Hesabu_Ya_Uani:
Hapo una haki. Kuosha vyombo vya moto, kuuza barafu, kufua kwa biashara, hivyo vihesabiwe kwa ndoo kando. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20. Kwa 1,700, ndoo moja inatoka shilingi 34. Akitumia ndoo 3 kila jioni siku 30 ni ndoo 90, shilingi 3,060. Aongeze hiyo juu ya kichwa chake, na itolewe kwenye 71,400 kwanza kabla ya kugawa kwa watu.

Koki_Mbovu:
Shilingi 34! Kwetu ndoo inauzwa 100 kwenye bomba la mwenye nyumba. Kumbe uniti moja anaiuza 5,000.

Mtaalamu_Mwenyewe:
Mnazunguka tu. Fungeni mabomba yote usiku, mtazame mita. Ikizunguka, mita ni mbovu, ibadilishwe. Mambo ya hesabu yanaisha.

Fundi_Bomba_Tmk:
Nusu yake ni kweli. Kufunga mabomba na kutazama mita ndiyo njia sahihi, lakini mita ikizunguka maana yake maji yanapita. Yanakopita ndiko pa kutafuta. Kale kagurudumu kadogo katikati ya mita huzunguka hata kwa mchirizi mdogo. Soma na tarakimu nyekundu saa tano usiku, soma tena saa kumi na moja alfajiri, na watu wasitumie maji katikati. Tuseme saa hizo sita zimepita lita 90. Ni lita 15 kwa saa, 360 kwa siku, uniti 10.8 kwa mwezi. Kwa bei yenu ni 18,360 inayovuja bila mtu kuoga.

Ila kuna mtego: kama mna tenki juu, mita inaweza kuzunguka usiku kucha kwa sababu tenki linajaa tu, hasa mitaa ambayo maji hutoka usiku. Fungeni koki inayoingiza maji kwenye tenki ndipo mtazame mita. Ikisimama, bomba kutoka mita mpaka tenki ni zima. Kisha pimeni upande wa pili: chorea mstari wa maji ndani ya tenki usiku, angalia alfajiri. Tenki la duara lenye upana wa mita 1.1, kila sentimita iliyoshuka ni kama lita 9.5.

Mkiona linashuka, mshukiwa wa kwanza ni choo. Tia rangi ya chakula kwenye tenki la choo, subiri nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana chini kwenye bakuli, mpira wa kuzibia umechoka. Huvuja kimya, hakuna anayesikia.

Mtaalamu_Mwenyewe:
Lakini maji yakikatika na kurudi, hewa inazungusha mita. Hilo nalo utakataa?

Fundi_Bomba_Tmk:
Sikatai, hewa inazungusha. Lakini siwezi kukuambia bili nzima ni hewa. Mkitaka kujua, someni mita kabla na baada ya maji kurudi, mkiwa mmefunga yote isipokuwa bomba moja linalotiririka kwenye ndoo ya kipimo.

Ndoo_Tupu:
Na hayo maji ya choo kibovu nani alipe? Mpangaji? Mpangaji asiyesoma mita?

Hesabu_Ya_Uani:
Bomba ni la mwenye nyumba, kwa hiyo mimi naona uvujaji alipe yeye.

Koki_Mbovu:
Na aliyevunja mkono wa choo ni mpangaji. Hapo hamtaelewana mpaka kiama.

Jirani_Wa_Tatu:
Suluhisho ni mita ndogo kila chumba, basi.

Fundi_Bomba_Tmk:
Kama kila chumba kina bomba lake, sawa. Kama ni bomba moja la uani, mita ndogo itapima nini? Na mkifunga, mshale ulioko kwenye mwili wa mita uelekee maji yanakokwenda, mita ilale sawa, isisimame. Ikifungwa kinyume inahesabu kurudi nyuma.

Msitegemee pia jumla ya mita ndogo ilingane na mita kubwa. Tone la koki ni dogo kiasi kwamba mita ndogo hailioni. Tuseme ndogo zote zimesoma uniti 40 na kubwa 42. Chukua 71,400 gawa kwa 40, inakuwa 1,785 kwa uniti. Chumba kilichosoma 5 kinalipa 8,925. Tofauti ya uniti mbili ni ya kubeba pamoja. Ikifika kumi, msigawane, tafuteni bomba lililopasuka.

Pwani_254:
Huku Mombasa tuna mita ndogo kila nyumba na bado tunalia. Maji ya bomba yakikosekana, mwenye nyumba analeta ya boza, anatutoza kwa mita ileile kwa bei anayoijua yeye. Hesabu yenu ya kugawa bili haisaidii, maana bili ya boza hatuioni.

Hesabu_Ya_Uani:
Dai risiti ya boza na ujazo wake. Boza la lita 10,000 ni uniti 10, gawa bei yake kwa 10 upate bei ya uniti. Ya bomba na ya boza zisomwe tofauti: piga picha mita siku boza linapoingia.

Ndoo_Tupu:
Jamani turudi kwenye uzi wangu. Nimemwandikia: 3,400 kwa kichwa, na tulipe wenyewe kwa simu kwa ile namba ya kumbukumbu ya malipo iliyo kwenye bili, ujumbe wa risiti uwekwe kwenye kundi la wapangaji. Amesoma, hajajibu.

Koki_Mbovu:
Atakujibu kwa notisi.

Mama_Wa_Sita:
Mimi 20,400 sitoi. Na kwa kuwa mmeanza vichwa, la LUKU mbona hamsemi? Kuna mtu ana friji na pasi, tunachanga sawa.

Jirani_Wa_Tatu:
LUKU afadhali. Kwetu gari la kunyonya choo limekuja, kila chumba kitoe sawa. Shimo linajaa kwa watu au kwa vyumba?

Hesabu_Ya_Uani:
Kwa maji yanayoingia, na maji yanaingizwa na watu.

Mama_Wa_Sita:
Haya, nilijua tu mtarudi kwa watoto wangu.

Mtaalamu_Mwenyewe:
Shimo likijaa haraka ni choo kinavuja rangi ile ya fundi. Au ni hewa?