Mratibu anawasumbua wanaojitolea: makao makuu au mfadhili?

Nyuki: Mratibu wetu wa uwandani anawatumia mabinti wanaojitolea meseji za usiku. Anayekataa anaambiwa jina lake huenda likakosekana kwenye posho. Tumegawanyika: wengine wanataka makao makuu, wengine tumwandikie mfadhili moja kwa moja. Mnasemaje?

Kalamu Butu: Mfadhili, bila kupoteza muda. Makao makuu hulindana. Mmesahau kashfa ya ngono ya shirika la misaada la Oxfam kule Haiti? Mkurugenzi wao wa huko alifukuzwa baada ya wazungu wa fedha kusikia.

Mama Zawadi: Hakufukuzwa, Kalamu. Uchunguzi wa ndani ulifanyika 2011, wengine wakafukuzwa, yeye akaachiwa ajiuzulu. Akapata kazi shirika jingine. Dunia ilikuja kujua 2018, na ni gazeti lililosema.

Kalamu Butu: Haya, alijiuzulu. Hoja yangu ipo palepale.

Mzee wa Bajeti: Niulize kitu. Hawa si waajiriwa. Ukisumbuliwa mahali ulikojitolea mwenyewe, si unaacha tu? Tuseme ukweli, wengi wanafuata posho.

Sikubali: "Unaacha tu"! Wewe mshahara wako ukicheleweshwa siku mbili unapiga simu hadi kwa mkurugenzi. Anayezunguka kaya na rejista juani ndiye aache?

Mzee wa Bajeti: Mimi sijatukana mtu. Nimesema posho si mshahara.

Fundi Redio: Na sisi tunasumbuliwa! Posho ya tangu mwaka jana hatujalipwa. Namba ya malalamiko inaita tu.

Sikubali: Pole Fundi, lakini hayo ni madai ya fedha. Hapa ni mtu anadai mwili wa mtu.

Mama Zawadi: Mzee, hilo lako la "si waajiriwa" ndilo shimo wanamotumbukia. Mradi mkubwa huwa na kanuni mbili: ya unyanyasaji kati ya wafanyakazi, na ya kuwalinda walengwa. Anayejitolea hana mkataba, wala hapokei msaada, kwa hiyo kila ofisi inamsukumia mwenzake. Wakati wa Ebola kule Kongo ya Mashariki, makao makuu ya Shirika la Afya Duniani hayakufungua uchunguzi wa lalamiko moja, kwa hoja kwamba mlalamikaji hakuwa mlengwa. Tume huru iliyotoa ripoti 2021 ililikosoa hilo. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na shirika hilo. Wanawake wengi walikuwa wameahidiwa kazi.

Nyuki: Kwa hiyo mfadhili?

Mama Zawadi: Subiri. Mara nyingi mfadhili hachunguzi mwenyewe. Anapokea, kisha analiandikia shirika lilelile lifanye uchunguzi na kumletea majibu. Barua yako inaweza kutua mezani kwa bosi wa mratibu, na mkiwa mabinti wachache kituoni, hata bila jina mtajulikana. Kabla ya kutaja kituo na tarehe, uliza: nani atasoma, nani atachunguza, na je, mratibu ataondolewa kwenye kuidhinisha posho wakati uchunguzi unaendelea? Wakikwepa hilo la mwisho, hamjalindwa.

Ningeanza na kitengo cha malalamiko cha makao makuu, si ofisi ya mradi. Mfadhili apewe nakala ikiwa walioumizwa wenyewe wameridhia.

Kalamu Butu: Nakala kwa mfadhili ndiyo nilichosema.

Mama Zawadi: Hukusema kuhusu ridhaa.

Mzee wa Bajeti: Na mfadhili akisimamisha fedha, kliniki nzima inafungwa kwa sababu ya meseji.

Sikubali: Kwa sababu ya mratibu, Mzee. Meseji hazijitumi.

Mzee wa Bajeti: Basi leteni ushahidi. Mtu haadhibiwi kwa kuhisi.

Mama Zawadi: Ushahidi anao mratibu mwenyewe. Pigeni picha fomu za posho za kabla na baada ya binti kukataa. Jina likitoka ilhali mahudhurio yake yamejaa na sahihi ya mratibu ipo, hapo pana kisasi. Meseji zisifutwe. Lakini msiwahoji mabinti nyinyi wenyewe kikaoni. Kusimulia mara tano kunawachosha, na maelezo yakitofautiana kidogo wakili wa mtu ataling'ang'ania hilo. Na kama kuna aliyeingiliwa kwa nguvu, hospitali kwanza, dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72. Fomu zitasubiri.

Fundi Redio: Kumbe fomu za posho naweza kuzipiga picha hata mimi?

Nyuki: Wawili wanakubali majina yao yaende, mmoja hataki kabisa. Tupeleke ya wawili?

Sikubali: Pelekeni.

Mama Zawadi: Ya wawili tu, na asitajwe wa tatu hata kwa "na mwingine". Kituo ni kidogo.

Mzee wa Bajeti: Bado nasema posho si mshahara.

Sikubali: Mzee, lala.