Naomba ushauri: hereni za mbuzi zinadondoka, rekodi zinachanganyikana

Habari wakuu, nina shamba mchanganyiko huku Dodoma, ng'ombe wa maziwa, mbuzi na nguruwe kidogo. Ng'ombe sina shida nao, hereni ya plastiki naweka katikati ya sikio kati ya ile mifupa laini miwili, nakwepa mishipa, inakaa miaka. Nguruwe nawakata alama masikioni, sikio la kulia namba ya uzao la kushoto namba ya mtoto, hiyo haidondoki ila mgeni hawezi kuisoma.

Sasa mbuzi ndo kasheshe, wanapenya kwenye fensi ya miiba wanarudi sikio limechanika hereni hamna. Juzi majike wawili weupe wamepoteza zao pamoja, daftari linasema 24-011 amezaa mapacha na 24-017 alitoa mimba, mi nimchinje yupi? Mmoja nimemjua kwa vile watoto wanamnyonya, lakini huyo ni bahati tu, wangekuwa wameshaachishwa je?

Nafikiria kuwapiga tatuu ya wino ndani ya sikio iwe ndo namba ya kudumu, hereni ibaki ya kusomea kwa mbali, ila weusi wino hauonekani. Au nivalishe hereni mbili, namba ileile masikio yote? Na ikidondoka mnatoa namba mpya na kuandika ya zamani pembeni, au mnaagiza namba ileile tena? Mimi naona kurudia namba ya mnyama aliyekufa ni hatari, nyie je?