Pesa ya bima ya Canter iliyoanguka Mlima Nyoka, TRA wanaihesabu vipi?

MamaViazi_Isyonje:
Wakuu, habari za Novemba. Canter yangu ya tani 3.5 iligongwa na lori Mlima Nyoka mwezi wa saba, ikapinduka na viazi vyote. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva, nikavunjika mguu. Gari halitengenezeki. Nilikuwa na bima kubwa, na mwezi uliopita wamenilipa milioni 18. Mwenye lori naye hataki mahakamani, anatoa milioni 9, tunasaini Alhamisi. Hesabu zangu anatengeneza kijana mmoja wa Uyole, na nikimuuliza kama hizi pesa zina kodi anasema "tutaona Juni". Mimi nataka kuona sasa.

Tingo_Mstaafu:
Dada pole na mguu. Fidia ya ajali haina kodi, mwisho wa habari. Ni pole, sio faida. Kula pesa yako.

Mzee_wa_Leja:
Tingo, kwa mguu uko sahihi, kwa gari hapana. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaangalia pesa imeziba pengo gani. Ikiziba pato ambalo lingetozwa kodi, nayo inatozwa. Mguu haukuwa biashara.

Dada, gari ulinunua lini, bei gani? Na mabaki alichukua nani?

MamaViazi_Isyonje:
Nilinunua 2023, milioni 32. Mabaki waliniachia, nikamuuzia fundi wa Soweto milioni 1.5. Nina gari hilo hilo moja tu.

Mzee_wa_Leja:
Basi tuhesabu. Lori la chini ya tani 7 linakatwa uchakavu asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwaka 2023 ulikata milioni 12, ikabaki 20. Mwaka 2024 ukakata 7.5, ikabaki 12.5. Kwa vitabu vyako, hilo ndilo gari lililokufa: la milioni 12.5.

Umepokea 18 za bima na 1.5 za mabaki, jumla 19.5. Imezidi kwa milioni 7, na hiyo 7 inaingia kwenye mapato ya biashara ya mwaka huu. Mantiki yake ni kwamba uchakavu ulikupunguzia kodi miaka miwili, na sasa imeonekana gari halikuchakaa kiasi hicho.

Ila hesabu hii hufungwa tarehe 31 Desemba, sio siku ya ajali. Ukinunua jingine la aina hiyo kabla ya hapo, tuseme kwa milioni 21, linaingia kapu moja na la zamani: 12.5 jumlisha 21 toa 19.5, inabaki 14. Hakuna kilichozidi, na hiyo 14 unaendelea kuikata uchakavu.

MamaViazi_Isyonje:
Mwe! Nimeshaongea na mtu wa Dar, gari lake linatoka bandarini Januari.

Mzee_wa_Leja:
Januari ni mwaka mwingine. Na usije ukalipia Desemba ukapewa risiti gari likiwa bado bandarini. Lazima liwe lako na liwe limeanza kazi.

Binti_wa_Mufindi:
Mimi nilifukuzwa kazi kiwandani, tukapatana kwenye usuluhishi mishahara 12. Wakakata PAYE kama mshahara! Nilikata rufaa kichwani tu 😂

Mzee_wa_Leja:
Malipo ya kupoteza ajira ni pato la ajira, walikata sawa. Dada yeye kesi yake si ya ajira.

Dalali_Kabwe:
Mbona mnamtisha? Kama mauzo yake hayafiki milioni 100 analipa kwa mauzo ghafi, uchakavu haumhusu.

Mzee_wa_Leja:
Ungekuwa sahihi kama angekuwa anakadiriwa kwa mauzo ghafi. Yeye amekuwa akikata uchakavu, kwa hiyo anakadiriwa kwa faida na hesabu hii inamhusu. Kwa wale wa mauzo ghafi, kama pesa ya bima nayo ni mauzo, nimesikia maafisa wawili wakijibu tofauti.

Sasa Alhamisi. Hiyo milioni 9 ni ya nini?

MamaViazi_Isyonje:
Karatasi inasema "malipo ya mwisho ya madai yote". Tulivyopatana kwa mdomo, 6 ni za mguu na hospitali, 3 za siku 30 gari lisipofanya kazi, laki moja kwa siku.

Mzee_wa_Leja:
Usisaini hiyo. Milioni 3 ni pato la biashara, zina kodi. Milioni 6 ni za mwili wako, hazina, ila kama kijana wa Uyole aliingiza bili za hospitali kwenye matumizi ya biashara, kiasi hicho kinarudi kuwa pato. Zikikaa kwenye mstari mmoja, afisa atauliza kwa nini asiziweke zote kwenye biashara, na utakuwa huna karatasi ya kumjibu. Ziandikwe mistari miwili, kama mlivyopatana kweli, ubandike na fomu ya hospitali.

Tingo_Mstaafu:
Akiandika 9 zote za mguu?

Mzee_wa_Leja:
Na mwenye lori akiandika kwake kwamba 3 ni za gari?

MamaViazi_Isyonje:
Ndaga sana mzee. Bili za hospitali nadhani aliziingiza, nampigia sasa hivi. Na kama kuna mtu anajua Canter nzima inayouzwa Mafinga au Makambako, iliyo barabarani tayari, aje inboksi.

Dalali_Kabwe:
Nipo inboksi. 2 piston mpya.

Tingo_Mstaafu:
Dada, kaangalie chesisi kwanza.