Kamera inachelewa, mota ina kasi: mpira hautulii ubaoni. Msaada wakuu

Mota_Moto: Habari wakuu. Nataka mpira unaobingirika juu ya ubao usimame katikati. Kamera inaleta fremu kila milisekunde 40, mota inapokea amri kila milisekunde 5. PID inaenda na kasi ya mota, ila ubao unatetemeka. Nikirundika amri 8 kuwa vekta moja, modeli inaandikwaje?

Bwana Shaba: Nunua kamera yenye kasi, kesi imeisha.

Mama Kichujio: Weka kichujio kwenye D.

Fundi_Nukta: Kichujio kitapunguza mtetemo, lakini kitaongeza ucheleweshaji. Angalia chanzo: mpira ukienda sentimita 10 kwa sekunde, kati ya fremu mbili unasogea milimita 4. D yako inagawanya hizo 4 kwa milisekunde 5, inaona sentimita 80 kwa sekunde, kisha sifuri mara saba. Kadiria hali x, yaani mahali na kasi ya mpira, kila milisekunde 5 kutokana na amri u, sahihisha kwa kipimo y cha kamera fremu ikifika tu:

```
x = A*x + B*u
if fremu_mpya:
    x = x + L*(y - C*x)
```

Kwenye mrundiko, k ikihesabu fremu na U ikiwa amri zako 8:

```
x[k+1] = A^8 x[k] + [A^7 B ... A B  B] U[k]
```

Kuongeza kasi, amri zote 8 zina uzito sawa. Kusogeza mpira hadi fremu ijayo, amri ya kwanza inaizidi ya mwisho mara 15, kwa sababu kasi iliyotolewa mapema ina muda mrefu wa kufanya kazi. Umepangaje gain za amri hizo 8?

Mota_Moto: Nilishazikokotoa, sizibadilishi. Mpira ukiwa sentimita 5 pembeni, unafika katikati na kusimama ndani ya fremu moja. Grafu ninayo.

Fundi_Nukta: Fremu moja? Sentimita 5 kwa milisekunde 40, kuanzia kusimama hadi kusimama, zinataka mchapuko wa mita 125 kwa sekunde mraba. Mpira mzima usioteleza hupata takriban 7 kwa kila radiani ya mwinamo. Hata ukigawa sawa, nusu kuongeza nusu kufunga breki, ni radiani 18.

Kijiwe Huru: 😂 Ubao unazunguka karibu mara tatu na mpira bado uko juu yake? Hii chai, tena ya maziwa.

Mota_Moto: Sawa, ni simulesheni. Ubao uko kwa seremala. Ila hesabu ni sahihi!

Fundi_Nukta: Hesabu sahihi, mota haimo. Weka kikomo cha mwinamo, tuseme radiani 0.2, na uadhibu amri kubwa; mpira utachukua fremu nyingi kutulia, ndivyo inavyopaswa. Pia izuie kamera kujirekebishia mwanga yenyewe. Chumba kikiwa na giza, kamera nyingi hurefusha muda wa kila picha, 40 inakuwa 80, na 8 yako inakuwa 16 bila kukuambia.

Mama Kichujio: Na umri wa picha? Ikifika ikiwa na milisekunde 30, unasahihisha x ya sasa kwa y ya zamani.

Fundi_Nukta: Kweli. Atunze amri zilizopita, asahihishe x ya wakati picha ilipopigwa, kisha azipitishe upya hadi sasa. Mota_Moto, kamera inakupa saa ya kupiga picha au ya kuifikisha?

Mota_Moto: Ya kuifikisha, nadhani.