Picha ya ukurasa bila neno lolote: nimtumie muhtasari, maswali au maelezo mepesi?

Mwl_Uyole
Habari za jioni wadau. Nina wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha pili ninaowafundisha Baiolojia tuisheni. Wengi hawana simu, wanatumia ya mama au ya kaka. Basi naletewa picha tupu Watsapu: ukurasa wa kitabu umepigwa upande upande, hakuna shikamoo wala swali. Nikiuliza "umekwama wapi?" jibu linakuja kesho yake usiku, mama akisharudi kutoka Mwanjelwa, au lisije kabisa. Kwa hiyo nabahatisha, na kila mara nimekuwa nikituma muhtasari.

Wiki iliyopita binti mmoja alituma ukurasa wa osmosisi. Nikamrudishia nukta sita safi kabisa. Ya kwanza: "Maji hutoka kwenye ukolezi mkubwa kwenda kwenye ukolezi mdogo." Jumamosi nikawauliza kiazi kikilazwa kwenye maji ya chumvi kitakuwaje. Akaandika kitavimba, kwa sababu chumvi ndiyo ukolezi mkubwa, kwa hiyo maji yanatoka huko na kuingia kwenye kiazi. Yaani kaninukuu mimi mwenyewe, neno kwa neno! Kitabu kilisema ukolezi wa maji. Mimi katika kufupisha nikalitupa neno "maji".

Nyie mnatanguliza nini?

Njombe_Baridi
Waambie wapige mchana karibu na dirisha, simu iwe juu ya kitabu moja kwa moja, na wasiwashe flashi maana karatasi zile zinang'aa. Mimi risiti zangu zote napiga hivyo.

Mwl_Uyole
Asante kaka, ila picha zinasomeka. Tatizo ni nirudishe nini.

Mafinga_Kwetu
Maswali tu, mwalimu. Kuna utafiti wa Roediger na Karpicke wa 2006: waliojipima walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kusoma. Tunga maswali kumi kwa kila picha, tuma, umemaliza. Muhtasari unamfanya mtoto ajione anajua.

Dada_wa_Gangilonga
Mafinga, umesema nusu yake. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio waliofanya vizuri. Waliojipima waliwapita baada ya siku mbili, na baada ya wiki. Na hao walikuwa wanafunzi wa chuo wanaosoma maandishi ya lugha yao. Binti wa Uyole anasoma Kiingereza alichoanza kukifundishiwa mwaka jana. Ukimpa maswali kumi juu ya ukurasa ambao haujamwingia, umempa nafasi kumi za kukisia.

Mwalimu, nimefundisha sekondari muda mrefu hapa Iringa, na siku hizi naikagua picha kwanza kabla ya kujibu. Neno moja likiwa limezungushiwa penseli, amekwama kwenye lugha, na muhtasari hautamsaidia hata kidogo. Picha ikiwa imekata aya zote na kubakiza mchoro, anataka mchoro ufafanuliwe. Maswali ya mwisho wa sura yakionekana, huenda ni kazi ya nyumbani, hapo usimfanyie. Na akituma kurasa tano kwa mkupuo usiku wa kuamkia mtihani, mpe muhtasari, maana hana muda wa kitu kingine.

Picha isiyo na dalili yoyote, kama yako, mimi natuma maelezo mafupi sana na swali moja. Swali lenyewe ndilo linaloniambia anahitaji nini. Kwa osmosisi ningeandika hivi:

"Hesabu maji, usihesabu chumvi. Bakuli la maji matupu lina maji mengi. Ukitia chumvi, maji yanakuwa haba zaidi kwa kulinganisha. Ngozi nyembamba za chembehai za kiazi zinapitisha maji, chumvi zinaizuia. Sasa kata vipande viwili vya kiazi kibichi. Kimoja weka kwenye maji matupu, kingine kwenye maji yenye vijiko vitatu vya chumvi, uache mpaka asubuhi. Kipi kitalegea? Niambie pia ni kitu gani kimehama, na kimetoka wapi kwenda wapi."

Ukipata jibu, hutamuuliza tena anataka nini. Akisema cha chumvi kimelegea kwa sababu maji yametoka kwenye kiazi, ameelewa. Hapo ndipo maswali kumi ya Mafinga yana kazi. Akisema kimevimba, bado anahesabu chumvi badala ya maji, kwa hiyo rudi kwenye ukolezi. Akisema chumvi imeingia ndani, ukolezi mwachie kwanza. Huyo hajaona kazi ya ule utando unaochagua cha kupitisha, na maelezo ya ukolezi hata ukiyarudia mara tatu hayatamgusa.

Ndiyo maana nasisitiza "kitu gani kimehama". Ukiuliza kulegea peke yake, nusu ya darasa watapatia kwa bahati.

Mafinga_Kwetu
Sawa dada, nimekupata. Ila hilo nalo si swali? 😄

Nesi_Mtarajiwa
Mimi niko chuo na nakutana na hili upande wa slaidi. Nilikosa kipindi cha shinikizo la damu, rafiki yangu akanitumia picha za slaidi ishirini na mbili. Nikamwomba dada mmoja wa mwaka wa tatu anisaidie, akanifupishia kila slaidi kuwa mstari mmoja. Slaidi moja ilikuwa na figo, mshale, renini, mshale, shinikizo kupanda. Akaandika: "Renini hupandisha shinikizo." Sasa hicho si ndicho kilichokuwa pale!

Nilichokosa ni maneno ya mwalimu juu ya ile mishale: kwamba renini inaanzisha kutengenezwa kwa angiotensini, hiyo inabana mishipa ya damu, na pia inafanya mwili ubakize chumvi na maji. Slaidi tayari ni muhtasari. Ukiifupisha tena unabaki na vichwa vya habari.

Dada_wa_Gangilonga
Kabisa, mdogo wangu. Ukurasa wa kitabu unaweza kupunguzwa, slaidi mara nyingi inatakiwa kuongezwa.

Mama_Makambako
Samahani walimu, mimi ni mzazi tu. Mwanangu alikuwa anatuma picha kwa mwalimu wake, mwalimu anajibu marefu, mtoto hata hafungui. Nikamuuliza. Kumbe kitabu ni kimoja wanasoma watano, siku ya kukirudisha anapiga picha na kuzituma kwa mwalimu ili zisipotee, maana simu yangu imejaa na mdogo wake anafuta ovyo. Alikuwa anahifadhi tu.

Mwl_Uyole
Mama umenimaliza! Nimekesha mara ngapi naandika nukta.

Mzee_wa_Tukuyu
Jambo moja sikubaliani na dada. Maelezo yote ni Kiswahili, na mtihani wa Novemba ni Kiingereza. Mtoto ataelewa kiazi kimelegea kisha atashindwa kuandika sentensi. Mpe maelezo mepesi kwa Kiingereza chepesi.

Dada_wa_Gangilonga
Shikamoo mzee. Asipoelewa kilichohama, ataiandika vipi kwa lugha yoyote? Mimi naelewesha kwa Kiswahili, halafu namtaka aandike jibu kwa Kiingereza.

Mzee_wa_Tukuyu
Marahaba. Lakini huko kuandika ndiko wanakofelia, na wewe unakuweka mwisho wakati simu ya mama imesharudishwa.

Mwl_Uyole
Narudi na habari. Juzi nilimtumia binti maelezo ya dada pamoja na swali lake moja. Jana saa tatu usiku akajibu, Kiswahili na Kiingereza kimechanganyika: "Cha chumvi kimelegea, maji yametoka kwenye kiazi. Lakini mwalimu, basi maji ya bakuli la chumvi yameongezeka? Nimeangalia sioni."

Naandaa jibu, ila simu ya mama ilishazimwa.