Naomba ushauri: "se" ya Kifaransa, ni -ji-, -ana au -ika?

Wakuu, heshima zenu. Naandaa somo la vitenzi vya Kifaransa vyenye "se". Nilianza na -ji-: se blesser, kujiumiza. Lakini se lever inagoma. Ni kuamka au kuinuka tu. Ce livre se vend bien nimeandika "kitabu hiki kinauzika vizuri", kwa kuwa muuzaji hatajwi.

Kinachonikwamisha hasa ni wingi. Ils se regardent yaweza kuwa wanajitazama, kila mtu kwenye kioo chake, au wanatazamana. Nikiongeza l'un l'autre, -ana inabaki peke yake, ila matini mengi hayana nyongeza hiyo.

Je, bila nyongeza mnaamuaje kati ya -ji- na -ana? Na ni lini mngeandika "kinauzwa" badala ya "kinauzika"?